Kuona nywila ya Wi-Fi iliyohifadhiwa kwenye simu ya Android: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Runinga mpya imeshafungwa ukutani na inaomba nywila ya Wi-Fi. Fundi aliyefunga ruta hapatikani tena kwa namba ile, kibandiko cha chini ya ruta kimefutika kwa kufutwafutwa vumbi, na ile karatasi iliyoandikwa nywila ilishafungiwa vitumbua. Simu zote za nyumbani zimeunganika na zinatumia intaneti bila wasiwasi, ila hakuna hata mtu mmoja anayeikumbuka paswedi. Hayo yalitukuta kwa shangazi yangu Morogoro, na tangu siku hiyo ndugu na majirani wamekuwa wakiniuliza maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa.

Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye simu iliyo katika Kiingereza, maana simu nyingi ninazoshikishwa ziko hivyo.

Nywila ninayoitafuta iko wapi hasa?

Iko ndani ya simu yako. Siku ile ulipoiandika kwa mara ya kwanza, Android iliitunza kwenye faili lake la mfumo ili isikuulize tena kila ukirudi nyumbani. Faili hilo huwezi kulifungua kama unavyofungua picha au wimbo, na programu za kawaida nazo haziruhusiwi kulisoma. Mfumo wenyewe ndio unaolisoma.

Kuanzia Android 10, iliyotoka mwaka 2019, mfumo ulifungua kidirisha kimoja kidogo: sehemu ya kushea mtandao. Ukiifungua, simu inachukua nywila iliyotunzwa na kuichora kama msimbo wa QR, ule mraba wenye vijiboksi vyeusi na vyeupe. Lengo lilikuwa mgeni askani aunganike bila kuandika chochote. Ila kwa kuwa nywila imo ndani ya mchoro huo, sisi tuliosahau tunaweza kuingilia mlango huohuo kuisoma.

Nipitie wapi kufika kwenye msimbo huo?

Kwenye simu zenye Android isiyobadilishwa sana, kama Pixel na nyingine za aina hiyo, fungua "Settings", kisha "Network & internet", kisha "Internet". Kwenye matoleo ya nyuma kidogo sehemu hiyo ya mwisho inaitwa "Wi-Fi". Utaona mtandao uliounganika nao uko juu kabisa, na pembeni yake pana alama ya gia. Gusa gia. Ukurasa wa mtandao utafunguka, na kati ya vitufe vyake kimo kimoja chenye kimraba cha QR kilichoandikwa "Share". Ukikigusa, simu itaomba alama ya kidole, PIN au mchoro wako wa kufungulia. Ukishathibitisha, msimbo unatokea.

Samsung njia ni ileile ila majina yamehama: "Settings", "Connections", "Wi-Fi", halafu gia iliyo pembeni ya mtandao. Humo tafuta "QR code" au "Share", mara nyingi iko chini ya skrini. Xiaomi na Redmi ni rahisi zaidi. Ukiingia "Wi-Fi", chini ya jina la mtandao uliounganika nao pameandikwa kwa herufi ndogo "Tap to share password", na ukigusa hapo msimbo unafunguka. Kwenye Tecno, Infinix na itel, mpangilio hubadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo usihangaike kukariri majina. Ingia kwenye Wi-Fi, gusa mtandao wenyewe au kimshale cha pembeni yake, kisha tafuta kimraba cha QR.

Kitu kimoja cha kuangalia: usiguse "Forget". Kwenye ukurasa huo kitufe hicho hukaa karibu na "Share", na nimeshuhudia kidole kikiteleza. Maana yake ni kuifuta nywila kwenye simu, na ukishaifuta hapo simu hiyo haina tena cha kukuonyesha.

Nimefungua msimbo. Mbona nywila yenyewe siioni?

Hapa ndipo simu zinapotofautiana, na ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Kwenye Pixel na simu nyingi zenye Android isiyobadilishwa, tazama chini ya mraba wa QR. Pameandikwa "Wi-Fi password:" na nywila inafuata, herufi kwa herufi. Kazi imekwisha hapo.

Simu nyingine zinachora mraba tu, hazina maandishi. Samsung nyingi na Xiaomi za miaka ya nyuma ndivyo zilivyo. Kama unataka kuunganisha simu nyingine, hilo halikusumbui, maana unaskani basi. Tatizo ni vile vyombo visivyo na kamera: runinga, printa, king'amuzi, kompyuta ya mezani. Hivyo vinataka nywila iandikwe kwa mkono, na mraba hauviambii kitu. Jibu ni kuusoma mraba huo kwa programu inayoonyesha kilichomo ndani yake kama maandishi.

Nausomaje mraba ili nipate maandishi?

Njia ninayoitumia mimi ni Google Lens, kwa sababu tayari imo kwenye simu nyingi za Android. Msimbo ukiwa umefunguka, piga picha ya skrini kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti kwa pamoja. Nenda kwenye Google Photos, fungua picha hiyo, gusa alama ya Lens chini yake. Lens itautambua mraba kuwa ni wa Wi-Fi na kukupa nafasi ya kujiunga au kunakili nywila. Chagua kunakili, kisha ibandike mahali unapoweza kuisoma.

Ukiwa na simu mbili, hata picha ya skrini huhitaji. Ya kwanza ionyeshe msimbo, ya pili ielekeze kamera. Faida ya njia hii ni kwamba hakuna picha inayobaki. Pia ndiyo njia ya kutumia kama simu yako inakataa kupiga picha ya ukurasa huo.

Zipo tovuti zinazokuambia pakia picha ya QR nikusomee. Achana nazo. Ukipakia picha ile umempa mtu usiyemjua jina la mtandao wako na nywila yake, vyote viwili kwa mkupuo.

Nimesoma, nimepata mstari mrefu wenye alama za ajabu. Nywila ni ipi?

Programu nyingine za kuskani hazikuchambulii chochote. Zinakutupia maandishi yote yaliyomo kwenye mraba kama yalivyo. Ya kwa shangazi yalikuwa na sura hii, ingawa jina na nywila nimevibadilisha:

```
WIFI:S:NYUMBANI;T:WPA;P:Mbuyu\;l0I9;H:false;;
```

Usiogope, ni vipande vinne vilivyotenganishwa kwa nukta mkato. Kinachofuata `S:` ni jina la mtandao, hapa NYUMBANI. `T:` ni aina ya ulinzi, hapa WPA. `P:` ndiyo nywila tunayoitafuta. `H:` inasema kama mtandao umefichwa au la, na `false` maana yake haujafichwa. Mpangilio unaweza kubadilika, simu moja ikaanza na `T:` na nyingine na `S:`. Wewe fuata herufi, usifuate nafasi.

Sasa itazame nywila kwa makini. Ukianzia kwenye `P:` utasoma `Mbuyu\;l0I9`. Binamu yangu aliiandika hivyohivyo kwenye runinga, na mkwaju ule uliolala nyuma akauweka. Runinga ikakataa. Akarudia mara tatu, kila mara akiandika taratibu zaidi, na shangazi akiwa mlangoni anauliza, "Mwanangu, mmeiharibu?" Runinga haikuwa na kosa. Kwa kuwa nukta mkato ndiyo inayotenganisha vipande, nywila ikiwa na nukta mkato ndani yake lazima iwekewe alama ya kusema "hii ni ya nywila, kipande hakijaisha". Alama hiyo ni `\`. Kwa hiyo unaiondoa, unabakiza kinachoifuata: `Mbuyu;l0I9`. Ndivyo inavyokuwa pia kwa koma, nukta pacha, alama ya kunukuu na mkwaju wenyewe wa nyuma, ambao ukiwa sehemu ya nywila utaonekana mara mbili mfululizo, `\\`, na wewe unaandika mmoja.

Lens hukufanyia kazi hiyo ya kuchambua, na maandishi ya chini ya mraba kwenye Pixel yameshachambuliwa. Ni pale tu unaposoma mstari mzima ndipo unapotakiwa kuondoa mikwaju mwenyewe.

Nimeondoa mkwaju, bado inakataa. Kuna nini?

Ndivyo ilivyotukuta na sisi. Tazama tena mwisho wa nywila: `l0I9`. Kwenye maandishi ya kawaida ya simu, ile ya kwanza ni herufi ndogo ya L, ya tatu ni herufi kubwa ya I, na zote mbili huonekana kijiti kimoja kilichosimama. Katikati yao ni sifuri, ambayo binamu aliisoma O. Kwa macho peke yake utabahatisha mpaka uchoke.

Dawa yake ni kubadilisha mwandiko. Kwenye WhatsApp jitumie mwenyewe ujumbe, ukiizungushia nywila alama tatu za mkwaju wa juu mwanzoni na tatu mwishoni, hivi: ` ```Mbuyu;l0I9``` `. Ujumbe utaonekana kwa mwandiko wa mashine ya chapa, ambapo herufi zote zina upana sawa. Hapo I kubwa inapata kofia juu na kiatu chini, l ndogo inapinda mguu, na O inaonekana imenenepa kuliko sifuri. Tulipofanya hivyo, tukaiandika upya kwenye runinga kwa kutajiana herufi moja moja, ikakubali papo hapo. Ukimaliza, futa ujumbe ule.

Kuna jingine dogo ambalo ni gumu kuligundua: nafasi tupu. Wi-Fi inaruhusu nywila kuwa na nafasi, na ikikaa mwishoni haionekani kabisa. Hesabu herufi. Nywila za WPA zina herufi 8 hadi 63, kwa hiyo ukihesabu ukapata 7, ujue kuna ya nane hujaiona au umeikata wakati wa kunakili.

Simu imeunganika vizuri, ila nywila iliyotoka kwenye msimbo haikubali kwenye kifaa kingine hata nikiinakili sawasawa.

Kwanza hakikisha simu imeunganika na mtandao huo sasa hivi. Msimbo unaonyesha kile simu ilichotunza, si kile ruta inachodai leo. Kama nywila ilibadilishwa juzi na simu hii haijaunganika tangu hapo, itakuchorea mraba wa nywila ya zamani bila kusita, na mraba huo hauna alama yoyote ya kukuonyesha kwamba umepitwa na wakati.

Kama imeunganika kweli, tazama `T:` kwenye mstari. Ikiwa imeandikwa `SAE` badala ya `WPA`, mtandao unatumia ulinzi mpya wa WPA3, na vyombo vya zamani haviuelewi. Utaandika nywila sahihi na bado kitakataa. Hapo marekebisho ni ya ruta: iwekwe kwenye hali inayokubali WPA2 na WPA3 kwa pamoja.

Na kama runinga haiuoni kabisa mtandao kwenye orodha yake, hilo si suala la nywila. Mara nyingi ruta inarusha kwa masafa ya 5 GHz na kifaa kinajua ya 2.4 GHz pekee.

Naweza kuona nywila ya mtandao niliowahi kuutumia lakini sipo karibu nao?

Kwenye simu nyingi ndiyo. Kwenye ukurasa wa "Internet", shuka chini mpaka "Saved networks". Ni orodha ya kila mtandao ambao simu bado inaukumbuka: ofisini, kwa mjomba, ile gesti ya mwaka juzi. Gusa mmoja, na kama kitufe cha "Share" kipo, njia iliyobaki ni ileile. Baadhi ya watengenezaji, hasa kwenye matoleo ya nyuma, wanatoa msimbo kwa mtandao uliounganika nao kwa wakati huo tu. Hapo itabidi ufike mahali penyewe.

Kitufe cha "Share" hakipo kabisa kwenye mtandao huu, ila kwenye mitandao mingine kipo. Kwa nini?

Sababu ya kawaida ni aina ya mtandao. Mitandao ya vyuo vikuu na ofisi kubwa, eduroam ikiwemo, haina nywila moja ya wote. Kila mtu anaingia kwa jina lake na nywila yake mwenyewe, na kushea maana yake ingekuwa kugawa utambulisho wako. Android haitoi msimbo kwa mitandao hiyo, na naona imefanya sawa.

Halafu kuna ile Wi-Fi ya hotelini au ya mtaani ambayo unajiunga bila nywila, kisha ukurasa unafunguka ukitaka namba ya vocha. Ile vocha si nywila ya Wi-Fi. Simu haikuitunza kama nywila, na msimbo, hata ukitokea, utampeleka mwenzako kwenye ukurasa uleule wa kuomba vocha. Wengi huniletea simu kwa ajili ya hilo na inabidi niwarudishe mikono mitupu.

Simu yangu ni ya Android 9 kurudi nyuma. Nifanyeje?

Angalia kwanza kama mtengenezaji wake aliweka msimbo mapema. Xiaomi walikuwa nao kabla ya Android 10. Kama haupo, kuna faili la mfumo lenye nywila zote, lakini kulifikia kunahitaji simu iliyofunguliwa mamlaka ya juu kabisa, yaani iliyorutiwa. Kuruti simu kwa ajili ya nywila moja sikushauri. Simu nyingi hufutwa kila kitu katika hatua za mwanzo za kuruti, na nywila uliyokuwa unaitafuta inafutika pamoja na picha zako.

Programu za dukani zinazojitangaza kuonyesha nywila zote za Wi-Fi bila kuruti, zipuuze. Kama nilivyosema, programu ya kawaida hairuhusiwi kulisoma faili lile. Utakachopata ni matangazo.

Njia ya maana ni ruta. Simu ikiwa imeunganika, fungua maelezo ya mtandao na utafute "Gateway" au "Router". Ni anwani, aghalabu `192.168.1.1` au `192.168.0.1`. Iandike kwenye kivinjari, ingia kwa jina na nywila ya usimamizi wa ruta, na sehemu ya Wi-Fi itakuonyesha au itakuruhusu kuweka nyingine. Na kama kuna mtu nyumbani mwenye simu mpya zaidi iliyounganika na mtandao huohuo, azima yake dakika mbili. Umejiokolea safari yote hiyo.

Si nibonyeze tu kile kitundu cha "Reset" nyuma ya ruta?

Utapata nywila ya kiwandani, ile ya kwenye kibandiko, ikiwa kibandiko bado kinasomeka. Lakini reset inafuta pia mipangilio ambayo kampuni ya intaneti iliiweka, na kwenye huduma nyingi za faiba humo mna jina na nywila ya kuunganisha laini. Nimewahi kukaa siku mbili bila intaneti nyumbani kwa kubonyeza kitundu hicho, nikisubiri fundi aje kuandika mistari miwili. Iwe njia ya mwisho kabisa.

Na iPhone?

iPhone inaskani msimbo wa Android bila shida kwa kamera yake ya kawaida, tangu iOS 11. Unaelekeza, unagusa taarifa inayotokea, inaunganika. Kuanzia iOS 16, ya mwaka 2022, iPhone nayo inaonyesha nywila zake ilizotunza. Kwa hiyo kama Android ya nyumbani imegoma na dada ana iPhone iliyounganika, mwombe yeye afungue "Settings", "Wi-Fi", aguse ile herufi i ndogo kwenye duara pembeni ya mtandao, kisha aguse "Password".

Mtu akishika simu yangu anaweza kuchukua nywila hivihivi?

Kama simu ina kufuli, kwenye Android isiyobadilishwa atakwama pale inapoombwa alama ya kidole au PIN, hata kama simu ilikuwa imeshafunguliwa. Kama simu haina kufuli lolote, na ziko nyingi za namna hiyo hasa za wazee wetu, hakuna kinachoombwa. Msimbo unafunguka moja kwa moja, kwa sababu mfumo hauna cha kuuliza. Kuna simu za watengenezaji wengine ambazo haziulizi hata zikiwa na kufuli. Jaribu yako leo: fungua msimbo uone kama utaombwa kitu.

Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba mraba ule haujafungwa kwa siri yoyote. Ni maandishi ya kawaida yaliyochorwa kwa vijiboksi. Picha ya skrini uliyoiacha kwenye simu, au uliyoituma kwenye grupu la familia lenye watu 60, ni sawa na kuituma nywila yenyewe imeandikwa. Ndiyo maana nasisitiza kufuta picha baada ya kazi, na kuifuta pia kwenye takataka za Google Photos, ambako hukaa muda kabla ya kuondoka. Nimeona pia migahawa na nyumba za wageni wakibandika msimbo ukutani wakidhani wameficha nywila. Mteja yeyote mwenye Lens anaisoma. Kama mtandao huo ndio unaoendesha na mashine ya malipo na kamera, wawashe mtandao wa wageni kwenye ruta, wenye nywila yake, na msimbo wa huo ndio ukae ukutani.

Nataka kumuunganisha mgeni bila kumpa nywila. Msimbo unafaa?

Haufai kwa lengo hilo. Akishaskani, simu yake imetunza nywila, na yeye pia anaweza kufungua "Share" kwake na kumpa mwingine. Mpwa mmoja akiskani leo, jioni mtaa mzima wa rika lake umeunganika, na wewe unashangaa bando la mwezi limeisha tarehe 12. Mtandao wa wageni ndio unaofaa, au hotspoti ya simu yako, ambayo nayo ina msimbo wake kwenye "Hotspot & tethering" na unaweza kuizima akiondoka.

Kama nywila imeshasambaa, kuificha sasa hakusaidii. Ibadilishe kwenye ruta. Vifaa vyote vitakatika, na utapaswa kuviunganisha upya kimoja kimoja. Ukichagua mpya, epuka nukta mkato, mikwaju, na mchanganyiko wa l, I, O na 0. Ya shangazi siku hizi ni maneno manne ya Kiswahili yaliyoshikana, herufi ndogo tupu. Anaitaja kwa mdomo kutoka jikoni, na binamu anaiandika kwenye runinga bila kuuliza mara mbili.